Laki Nne za Usiku wa Ijumaa

Ukishuka stendi ya Same ukashika njia ya sokoni, kabla hujawafikia wauza mitumba utakiona kibanda cha mabati chenye dirisha dogo na benchi la mbao nje. Hapo ndipo kwa Saada, ambaye mjini hakuna anayemwita Saada. Ni Mama Husna, kwa jina la binti yake aliyeolewa Tanga. Ana miaka hamsini na kitu, mwili wa kutosha, na ulimi ambao hata makondakta wa mabasi wanauheshimu. Kazi yake ni uwakala wa pesa za simu. Watu huja kuweka, watu huja kutoa, naye huishi kwa kamisheni. Ukutani, juu ya feni, alibandika karatasi yenye maneno aliyokuwa akiyarudia kila siku: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na daftari alikuwa nalo, hilo msimsingizie. Tena zuri, limejalidiwa kwa karatasi ya khaki, na aliyeliandika alikuwa binti mmoja wa Kipare kutoka Mbaga huko milimani, jina lake Beatha.

Beatha aliingia kwa Mama Husna akiwa na miaka ishirini na mitatu, amemaliza shule bila kupata pa kwenda. Alilala nyumbani kwa mama huyo huyo, chumba cha uani, na asubuhi wakafungua kibanda pamoja. Alikuwa mpole, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na mwenye mwandiko ambao mtu angeweza kuuza. Mama Husna alimpenda. Alikuwa hamwambii, maana yeye ni katika wale watu wanaodhani kumsifu kijana ni kumharibu, lakini alimpenda, na siku akiugua Beatha, uji ulipikwa na mama mwenyewe.

Sasa hesabu ya wakala si kitu cha kumtisha mtu, ila ina adabu yake. Wakala ana mifuko miwili: pesa iliyo ndani ya simu, wanayoiita floti, na keshi iliyo kwenye droo. Mteja akija kuweka elfu hamsini, anakupa keshi, nawe unamrushia ya kwenye simu. Floti inashuka, keshi inapanda. Akija kutoa, ni kinyume chake. Moja ikishuka nyingine inapanda, kwa hiyo ukizijumlisha jioni lazima upate mtaji wako ule ule ulioanza nao asubuhi. Mtaji wa Mama Husna ulikuwa milioni tatu. Kila jioni Beatha alipiga mstari chini ya ukurasa, akaandika floti, akaandika keshi, akajumlisha, na Mama Husna akaangalia jambo moja tu: je, ni milioni tatu? Zikiwa tatu, wanafunga mlango.

Kamisheni yenyewe haiingii humo. Ina mfuko wake wa tatu, mle mle ndani ya simu, inakaa ikikusanyika mwezi mzima. Tarehe mosi kampuni inafunga hesabu, inakata kodi ya serikali, kisha wakala anaingia kwenye menyu na kuihamishia kwenye floti. Kazi hiyo Mama Husna hakumwachia mtu. Aliihamisha mwenyewe, kisha akachukua keshi kiasi kile kile kutoka kwenye droo, akalipa pango, akamlipa Beatha mshahara, na kilichobaki kikawa chakula chake. Mtaji unabaki milioni tatu, haukuguswa.

Wiki hiyo ya balaa ilianza Jumanne. Athumani, mdogo wake Mama Husna, mchuuzi wa mbuzi, alipiga simu kutoka Kwakoa, huko chini karibu na Ziwa Jipe. Amepata mbuzi kwa bei ya kutupa, ila hela imemwishia. Aliomba dada yake amrushie laki nne, atazirudisha wiki hiyo hiyo. Mama Husna alinung'unika vya kutosha, ndugu ndivyo tulivyo, kisha akamwambia Beatha arushe. Beatha akarusha, na kwa kuwa floti imeshuka na keshi haikupanda, akaandika mstari wa tatu chini ya ukurasa: deni la Athumani, 400,000. Floti na keshi zikawa milioni mbili na laki sita, ongeza deni, milioni tatu. Hesabu imekaa.

Siku mbili zikapita. Alhamisi jioni Mama Husna alioga, akajifunga mtandio mweupe, akaenda kwa jirani yake Maua, ambako wanawake hukutana kila wiki kusoma Yasini. Desturi yake usiku huo hafanyi biashara. Simu ya kazi huizima na kuifungia kabatini, na Beatha hubaki nyumbani na funguo za mlango. Walisoma, wakanywa chai ya tangawizi, wakasengenya kidogo kwa kiasi kinachoruhusiwa baada ya dua, na alirudi akamkuta Beatha amelala.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa, tarehe mosi. Mama Husna aliwasha simu mapema, kabla ya uji, na akaenda moja kwa moja kwenye kamisheni. Akabonyeza kuhamisha. Mtandao wa Same asubuhi ile ulikuwa wa kubembeleza. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikamwambia ombi lake linashughulikiwa. Akangoja. Meseji zikaanza kumiminika, za jana, za leo, za bahati nasibu, za kampuni kuwatakia mawakala mwezi mwema. Yeye meseji hizo alizichukia kama inzi, na alizoea kuzifuta zote kwa pamoja bila kuzisoma. Akazifuta. Kisha akaangalia salio la floti. Jana jioni ilikuwa milioni moja laki moja na themanini. Sasa ilikuwa milioni moja laki tano na themanini.

Laki nne zimeingia. Kamisheni hiyo. Alhamdulillahi.

Hapo, msomaji wangu, ungekuwepo ungemshika mkono. Kamisheni haijawahi kuja kamili tangu uwakala uanze duniani. Inakuja na mikia, mia tatu hamsini, sabini na tano, shilingi nane. Beatha mwenyewe, alipoandika, alisema kwamba mwezi huu imenyooka sana, na Mama Husna akamjibu kwamba serikali ikikata hukata hata mkia. Wakacheka. Akachukua laki nne kutoka kwenye droo, akamlipa Beatha, akalipa pango, akanunua mchele gunia zima kwa kuwa mtu akijisikia tajiri hununua mchele. Jioni Beatha alijumlisha floti, keshi, na deni la Athumani. Milioni tatu kamili. Hesabu ilikaa vizuri mno, na huko kukaa vizuri ndiko kulikowaponza.

Usiku ule Beatha aliaga kwenda kanisani. Kwaya ilikuwa na mkesha wa maombi mpaka asubuhi, na ruhusa alishaomba tangu mwanzo wa wiki.

Jumapili Mama Husna akampigia Athumani kudai. Nako Kwakoa mtandao ni wa kusikilizia juu ya kichuguu. Athumani alikuwa katikati ya mbuzi wake, kelele tupu, na kuulizwa deni mbele ya wateja kulimuudhi. Akasema, "Dada, mimi nilisharudisha usiku wa Ijumaa. Mambo ya kuulizwa mara mbili mbili siyapendi." Simu ikakatika. Alipompigia tena hakupatikana, na siku mbili zilizofuata hakupatikana vile vile.

Mama Husna alikaa na simu mkononi. Usiku wa Ijumaa. Yeye alikuwa kwa Maua, kwenye Yasini. Simu ya kazi ilikuwa kabatini. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu. Basi Athumani alipita akaacha laki nne kwa Beatha, na Beatha akanyamaza, akaendelea kuandika deni daftarini kila jioni kwa ule mwandiko wake mzuri. Hakutaka kuamini, hilo nalo niliseme. Alikwenda uani akamkuta Beatha anafua, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama Athumani alileta hela usiku wa Ijumaa.

Beatha alinyanyua kichwa. "Usiku wa Ijumaa mimi sikuwepo, mama. Nilikuwa kanisani, kwenye mkesha."

"Mkesha ulikuwa usiku wa Jumamosi."

"Hapana, mama. Ijumaa. Wewe mwenyewe uliniruhusu."

"Usiku wa Ijumaa nilikuacha humu ndani na funguo, nikaenda Yasini. Unanikana machoni, Beatha?"

Nikueleze hapa hapa kilichotokea, maana wao hawakukijua, na ningependa angalau wewe usihangaike. Mama Husna alilelewa na bibi yake, mtu wa Pangani, na kwa watu wa kale wa pwani siku huanza jua linapozama. Alhamisi jua likishazama, huo ni usiku wa Ijumaa. Ndio maana Yasini husomwa usiku huo, na Athumani naye, tumbo moja na dada yake, alihesabu hivyo hivyo. Beatha ni mtoto wa mlimani, wa kengele ya kanisa na kalenda ya ukutani. Kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya Ijumaa kwisha. Usiku ambao Beatha alikesha akiimba, Mama Husna aliuita usiku wa Jumamosi. Walikaa nyumba moja mwaka wa pili na neno hilo halijawahi kuwakosanisha, kwa sababu Beatha aliuita usiku wa Yasini "siku yako ya Yasini, mama," na mambo yakaenda.

Kwa hiyo walisimama pale uani, kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja anamsikia mwenzake akidanganya. Mama Husna angeweza kusamehe laki nne. Nina hakika, maana aliwahi kusamehe zaidi ya hizo kwa Athumani huyo huyo. Kilichomkata maini ni kule kukanwa usoni na mtoto aliyempikia uji. Hasira hasara, tunasema kila siku, na kila siku tunaanza na hasira. Alimwita Maua, akawaita na wapangaji wa jirani, akaingia chumba cha uani, akalitoa begi la Beatha, akalimwaga juu ya jamvi mbele ya watu. Zikatoka gauni, joho la kwaya, nguo za ndani, kitambaa cha hedhi, na mshahara wa mwezi, laki moja na nusu, zimekunjwa ndani ya soksi. Laki nne hazikuwemo. Mama Husna akasema basi amekwisha zituma kwao.

Beatha hakulia. Aliokota nguo zake moja moja, akazikunja, na muda wote alikuwa akimwangalia Mama Husna kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Jioni hiyo alilala kwa mzee wa kanisa, na Jumatatu akapanda kwao.

Mjini, jina likishaungua halizimiki. Ilipofika Jumatano, sokoni walikuwa wanasema laki nane. Mwenyekiti wa kwaya akamtumia Beatha ujumbe wa upole, kwamba apumzike kwanza uimbaji mpaka mambo yatulie. Binti ambaye maisha yake yote hakushika senti ya mtu alikuwa sasa anahesabiwa mwizi katika mji wote aliokuwa anaujua, na hakuna aliyemtetea, maana nani atamtetea mtu aliyekana hata alikolala usiku ule?

Alhamisi akashuka baba yake. Mzee Zebedayo ni mkulima wa maharage na migomba, amevaa koti lake la ibadani katika jua lile la Same linalokaanga mawe. Hakukaa kwenye benchi na soda hakuipokea. Watu hututania sisi wa Upare kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Basi huyu aliuza ng'ombe ili kesi isiwepo. Alikuwa na mtamba mmoja tu wa kufugia ndani, anayetarajiwa kuzaa mwakani, akampeleka mnadani na kumtoa kwa bei ya mwenye shida. Aliziweka zile laki nne dirishani, akamwomba Mama Husna azihesabu, na akangoja aandike daftarini kwamba hakuna deni.

"Sijaja kusema mwanangu ameiba," alisema. "Nimemuuliza, amesema hakuiba, na mimi namjua. Ila wewe una daftari, na sisi hatuna."

Mama Husna akahesabu. Akaandika. Alisema moyoni kwamba mzee wa watu amekosea kumlea, na kwamba pesa imerudi, na kwamba haki imetendeka. Lakini chakula cha mchana ule alikirudisha sufuriani.

Athumani alipopatikana, dada yake hakumtajia neno. Aliona aibu kumwambia mdogo wake kwamba hela yake iliibiwa na mtu wa nyumbani kwake, na tena ilikwisha lipwa. Ingetosha sentensi moja. Hakuisema. Akamwajiri kijana wa ndugu, akamwona hajui hata kupiga mstari, akamwondoa, akabaki mwenyewe na daftari.

Mwezi ukaisha. Tarehe mosi nyingine, Mama Husna akawasha simu, akaingia kwenye kamisheni. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Kwenye mfuko wa kamisheni kulikuwa na laki saba na tisini na kitu, karibu mara mbili ya mwezi wa kawaida.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akahamisha. Yeye aliketi. Biashara haikuongezeka mwezi huo. Ilipungua, tangu Beatha aondoke foleni ilikuwa inaishia kwa jirani. Hofu ikamwingia, hofu ya aina ile ambayo mtu analijua jibu lake ila hataki kulifungua. Akampigia Rodgers, kijana wa wakala mkuu anayewauzia floti, akamwomba amtolee taarifa ya miamala ya miezi miwili, ya floti na ya kamisheni, kila kitu.

Rodgers alikuja mchana na karatasi zimechapwa stationeri, za moto bado. Wakafunga dirisha nusu, wakaweka karatasi upande huu na daftari upande ule, wakaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Rodgers alisoma muamala, Mama Husna akautafuta kwenye mwandiko wa Beatha na kuuwekea alama ya vema. Kuweka elfu ishirini, upo. Kutoa laki moja na kumi, upo. Kutoa elfu saba, upo. Siku baada ya siku, ukurasa baada ya ukurasa, hakuna muamala wa mteja uliokosekana, hata wa elfu mbili.

Kisha wakafika mwisho wa mwezi wa saba, na Rodgers akasoma kutoa laki nne, kutoka laini ya Athumani.

Daftarini haukuwemo.

Rodgers akamweleza, ingawa hakuhitaji. Athumani huko aliko aliingiza namba ya wakala ya dada yake kama mtu anayetoa pesa, laki nne zikaondoka kwenye laini yake zikaangukia kwenye floti ya dada, na keshi hakuna aliyempa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anadaiwa. Kampuni haziupendi mchezo huo, lakini ndugu na marafiki huufanya. Simu ilikuwa imezimwa kabatini. Meseji yake iliingia asubuhi, pamoja na zile za bahati nasibu.

"Ni usiku wa Ijumaa," Mama Husna alisema. "Kama alivyoniambia."

Rodgers akaangalia karatasi. "Hapana, mama. Hii ni tarehe thelathini na moja, saa mbili na dakika arobaini na mbili usiku. Alhamisi."

"Ndiyo. Alhamisi usiku. Usiku wa Ijumaa."

"Mama, usiku wa Ijumaa ni tarehe moja. Siku ile ya mkesha wetu pale kanisani. Mimi nilikuwepo, hata Beatha alikuwepo, aliongoza nyimbo mpaka alfajiri."

Alisema hivyo bila kujua alichosema, kijana wa watu, akaendelea kugeuza kurasa. Alifungua karatasi ya kamisheni na kumwonyesha: mwezi wa saba, baada ya kodi, imelipwa shilingi laki nne na elfu mbili, mia tatu hamsini. Chini yake, tarehe mosi, ombi la kuhamishia kwenye floti, halikukamilika. Pesa haikutoka mfukoni mwake. Ilikuwa imekaa humo mwezi mzima, ikingoja mwenzake wa mwezi wa nane.

Basi kila kitu kikawa wazi mezani, na hakikuhitaji msomi. Laki nne alizozichukua kwenye droo akaziita kamisheni ndizo zilizokuwa malipo ya Athumani. Alimlipa Beatha mshahara kwa pesa ile ile aliyomwambia ameiba. Mchele aliununua kwa hiyo. Deni lililokuwa likiandikwa daftarini kila jioni lilikuwa limekwisha lipwa, na ng'ombe wa Mzee Zebedayo alilipa pesa ambayo haikuwahi kupotea. Rodgers akamuuliza kama anajisikia vibaya, amletee maji. Mama Husna alimwambia aende tu, atampigia.

Alilia peke yake mle kibandani, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Hakulilia pesa. Alililia lile begi.

Watu husema majuto ni mjukuu, na mimi huongeza kwamba mjukuu huyo akija hataki kubebwa na mtu mwingine. Kesho yake alipanda gari la Mbaga. Alikuwa na laki nne, na laki moja juu yake ya hasara ya mtamba, na kitenge kipya kwa ajili ya mke wa Zebedayo. Kabla ya kuondoka alipita kwa Maua na kwa wapangaji wote walioliona begi likimwagwa, akawaambia mlango kwa mlango kwamba Beatha hakuiba, aliyekosa ni yeye. Wengine walisema pole. Wengine walisema aa, kumbe, wakaendelea kuchambua mchicha. Alitambua wakati huo kwamba walioambiwa sokoni ni wengi kuliko milango anayoweza kubisha.

Mbaga kulikuwa na ukungu na baridi ya kustahiki sweta. Alimkuta Mzee Zebedayo mbele ya banda tupu la ng'ombe, akamwamkia shikamoo kwa kupiga goti kidogo, jambo ambalo mjini hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Mzee akaitikia marahaba na kumkaribisha ndani. Walikaa, mke wa mzee akaleta chai, na Mama Husna akaeleza yote tangu mwanzo: Athumani, simu ya kabatini, meseji alizofuta, kamisheni iliyokwama, na usiku ule mmoja wenye majina mawili. Hakujitetea. Alipofika kwenye begi, alilisema nalo.

Mzee Zebedayo alipokea laki nne. Ile laki moja aliisukuma irudi mezani. Alisema mtamba aliuza kwa hiari yake, na hasara ya biashara yake hailipwi na mtu mwingine. Kitenge mkewe alikipokea, kwa kuwa mgeni haaibishwi. Kisha mzee akatoka, akamwita Beatha kutoka shambani.

Beatha alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa na udongo, akaifuta kwenye khanga kabla ya kuamkia. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, na alipoelezwa habari ya usiku ule wenye majina mawili, uso ulimlegea kidogo, kama mtu aliyekuwa akijishuku mwenyewe kwamba ana wazimu na sasa amepona. Maana alikwisha fikia huko, alisema baadaye mama yake. Alikuwa akiuliza kila siku kama kweli aliuota ule mkesha.

Mama Husna akamwomba msamaha. Akamwomba arudi. Angemwongeza mshahara, angemwachia na namba ya siri ya kamisheni, angemwandikia kibanda nusu kwa nusu akitaka. Aliyasema yote kwa mfululizo, haraka haraka, kama mtu anayemwaga keshi yote ya droo juu ya kaunta.

"Nimekusamehe, mama," Beatha alisema. "Toka moyoni. Lakini pesa za watu sishiki tena."

"Mwanangu, nilikosea usiku. Ni maneno tu yalitupotosha."

Beatha alitikisa kichwa taratibu. "Maneno yalitupotosha wote wawili, mama. Mimi nilisikia unadanganya, kama wewe ulivyosikia nadanganya mimi. Ila mimi nilisema moyoni, mama hawezi kudanganya, lazima kuna kitu sielewi. Nikasimama pale na nguo zangu chini, nangoja uniulize, Beatha, usiku upi?"

Beatha akamwekea chai nyingine, akamsogezea sukari, akamwomba radhi kwamba maharage yanamsubiri kabla mvua haijashuka, akarudi shambani.